Mlango wa Kifungu cha Kumi na Saba

Chumba cha Bi Kifungu kilikuwa stoo ya mashuka kabla ya kuwa ofisi. Hakikuwa na dirisha, na kitasa cha mlango kwa upande wa ndani kiling'oka zamani, kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba mezani, aliuzuia mlango kwa tofali alilolivika kitambaa lisikwaruze sakafu. Mfagizi aliwahi kulisogeza kwa nia njema, mlango ukajibamiza, na Bi Kifungu akabaki ndani akigonga ukuta mpaka watu wa maabara wakamsikia. Seremala wa hospitali alimwahidi kitasa kipya tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Siku hizi walisalimiana tu, habari za kitasa wakaziacha zilivyo.

Jina la Bi Kifungu alibandikwa na wauguzi, kwa sababu kila alipoulizwa jambo alijibu, "Ngoja nione kifungu kinasemaje." Hakukasirika. Alikuwa na miaka arobaini na mingine kidogo, hakuwa na mume wala mtoto, na kazi yake ilikuwa kusoma mikataba ya hospitali, wa kufua mashuka, wa kuzoa taka, wa mitungi ya oksijeni, kisha kuiandikia muhtasari kwa watu wasio na muda wa kuisoma. Aliwahi kupata kazi kubwa zaidi katika mji mwingine. Alikwenda mpaka akaoneshwa meza yake, yenye dirisha. Kisha figo za kaka yake zikagoma, na katika mji mzima mashine za kusafisha damu zilikuwa hapa tu, ghorofa moja juu ya stoo yake. Akarudisha barua ya ajira, akarudi kuishi na kaka yake katika nyumba ya wazazi wao. Hakuna aliyemlazimisha. Ndiyo maana ilikuwa vigumu zaidi kulalamika.

Kaka yake alikuwa refa. Alichezesha mpira wa ligi za mtaani kwa miaka mingi, na hadi sasa vijana waliomwona kwenye korido walimwita Refa na kumdai penalti za zamani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilala kwenye kiti cha pembeni, mrija wa kwanza ukitoa damu mkononi na wa pili ukiirudisha, akitoa maoni kuhusu kila kitu.

"Mdogo wangu, hii mashine inalia kama filimbi yangu ya zamani," alisema Jumatano moja, Bi Kifungu alipopanda kumletea gazeti. "Inapuliza faulo kabla mtu hajaanguka."

"Nyamaza, kaka, usije ukaiudhi."

Hakuwa amemaliza kusema, kioo cha mashine kikazimika. Mlio ukakata. Sista mkuu, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka usiotarajiwa, alifika kabla ya mtu yeyote kuita. Alifungua kijifuniko, akachomoa mkono mdogo wa chuma na kuanza kuzungusha pampu kwa mkono wake, polepole, damu ya mgonjwa irudi mwilini isigande njiani.

"Usiniangalie hivyo, Refa," alisema huku jasho likimtoka. "Mechi imeahirishwa, basi."

"Sista, zungusha taratibu, mimi si mashine ya kusaga nyama."

Bi Kifungu alisimama na gazeti lake. Kaka yake alikuwa amefanyiwa nusu tu ya saa zake. Maana yake ni miguu kuvimba kesho na maji ya kunywa kupimwa kwa kikombe cha kahawa. Sista alipiga simu kwa kampuni yenye mashine na kuandika saa ya taarifa kwenye kitabu cha wodi. Fundi alikuja Ijumaa alasiri. Ilikuwa mara ya pili katika robo ile ya mwaka. Mara ya kwanza nayo alikuja siku ya tatu.

Jumatatu yake mkurugenzi aliteremka mwenyewe mpaka stooni. Alikuwa daktari wa upasuaji, mtu mzuri, asiyependa kukaa na jambo. Alilitazama lile tofali, akaliruka.

"Bi Kifungu, hawa watu wanatuulia wagonjwa. Nimeshapata kampuni nyingine, mashine mpya kabisa. Bodi inakutana Alhamisi. Nataka muhtasari wa mkataba huu, ukurasa mmoja. Na ndani yake mstari mmoja tu muhimu: kwamba tunaweza kujitoa kwa notisi ya siku tisini. Kifungu cha kumi na saba. Nimekisoma mwenyewe."

"Umesoma na majedwali, daktari?"

"Nimesoma mkataba mkuu. Si ndiyo maana unaitwa mkuu?" Akacheka, akaondoka.

Bi Kifungu naye alitamani kucheka namna hiyo. Siku tisini, mashine mpya, kaka yake kwenye kiti kisichozimika. Alivuta faili akaligawa mafungu matatu mezani. Alijua kwa nini yalikuwa matatu. Mkataba mkuu uliandikwa na mwanasheria wa hospitali. Majedwali, yaani masharti mahususi ya vifaa, huduma na muda, yaliandikwa na watu wa mauzo wa kampuni walipokuwa wakijadiliana na mkurugenzi wa zamani. Viambatisho vilikuwa karatasi za kampuni zilizochapwa tayari, herufi ndogo kama vichwa vya sindano, wanazompa kila mteja. Mikono mitatu, na hakuna aliyekaa akayasoma mafungu yote kwa pamoja kabla ya saini kutiwa.

Hakuanza na kifungu cha kumi na saba. Chuoni kulikuwa na mwalimu aliyekuwa akiwafokea wanaokimbilia sharti kabla ya kujua sharti hilo lina cheo gani. Alitafuta kwanza mahali mkataba unaposema wenyewe kipi kitangulie, akakipata kifungu cha pili, aya ya tatu. Yakipingana, kilisema, mkataba mkuu utashinda majedwali, na majedwali yatashinda viambatisho. Hapo ndipo mkurugenzi angesimama na kufurahi. Lakini sentensi iliendelea: isipokuwa pale jedwali litakapotaja waziwazi kifungu fulani cha mkataba mkuu na kusema kwamba linakibadilisha, hapo jedwali litashinda, kwa kifungu hicho tu.

Akaanza na jambo jepesi, muda wa fundi kufika. Mkataba mkuu: "kwa muda unaofaa." Jedwali la pili: ndani ya saa ishirini na nne tangu taarifa. Kiambatisho: siku tatu za kazi. Mkuu na jedwali havikugombana, maana jedwali lilieleza tu muda unaofaa ni upi, na kufafanua si kupinga. Vilivyogombana ni jedwali na kiambatisho, na hapo jedwali liko juu. Saa ishirini na nne, basi. Kwa hiyo kampuni ilichelewa mara zote mbili, hata kama yenyewe, ikisoma karatasi zake, ilijiona imewahi.

Kisha akafungua jedwali la tatu.

"Bila kujali yaliyomo katika kifungu cha kumi na saba cha mkataba mkuu," lilianza, na akajua kabla hajamaliza. Hospitali haitajitoa kabla ya miaka mitano kwisha, isipokuwa kampuni itakapochelewa kufika mara tatu ndani ya robo moja ya mwaka. Kifungu kilikuwa kimetajwa kwa namba yake. Jedwali lilikuwa limepanda juu ya mkuu kwa ngazi ambayo mkuu wenyewe uliisimamisha. Kiambatisho nacho kilisema hakuna kujitoa kwa sababu yoyote ile, lakini hicho hakikumtisha. Kilikuwa chini ya vyote. Kilichomtisha ni aya ya mwisho ya jedwali: hospitali ikijitoa kinyume cha haya, kampuni inaweza kuja kuchukua mashine zake.

Miaka miwili ilikuwa imekwisha. Mitatu ilibaki.

Alikaa pale bila kuandika. Ghorofa ya juu mtu alikuwa akiburuta kiti, au kitanda. Alifikiri jinsi ambavyo angeweza kuufanya ukurasa ule mmoja useme karibu ukweli wote. Kifungu cha pili, mkuu unashinda. Kifungu cha kumi na saba, siku tisini. Kila neno lingekuwa limo mkatabani. Alijua wengi wanaoandika muhtasari hivyo, na hawaiti uongo, huita kufupisha.

Jioni, kaka yake akiwa ameweka miguu iliyovimba juu ya stuli sebuleni, alimweleza. Alijaribu kwa maneno ya mkataba, akashindwa kueleweka.

"Ngoja, ngoja," alisema Refa. "Mkataba mkuu ni refa wa kati?"

"Ndiyo."

"Majedwali ni washika vibendera."

"Sawa. Na viambatisho ni..."

"Wale wanaopiga kelele jukwaani. Endelea."

Akacheka ingawa hakupenda. "Refa akitofautiana na mshika kibendera, nani anasikilizwa?"

"Refa. Uliza hata watoto."

"Sasa chukulia kabla ya mechi refa mwenyewe ametangaza mbele ya timu zote: mambo ya kuotea, kwenye upande ule, nimemwachia mshika kibendera fulani, akiinua tu nimekubali. Katikati ya mchezo kibendera kikapanda. Refa anaweza kusema bao ni halali?"

Kaka yake aliinuka kidogo kitini. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini si kwa sheria za mpira.

"Hawezi," alisema hatimaye. "Atakuwa anajikataa mwenyewe."

"Basi ndiyo hali yetu. Mkataba mkuu umejifunga wenyewe. Hatutoki."

"Na wewe unataka kumwandikia daktari kwamba bao ni halali."

"Sijasema hivyo."

"Mdogo wangu, nimekulea. Unapotaka kudanganya unakunja pindo la kanga." Aliutazama mkono wake, na yeye akautazama pia, akaliachia pindo. "Ningekuwa mimi, ningetaka mashine mpya kesho. Sikufichi. Ile ya sasa kila nikikaa naaga. Lakini wakija kuzibeba hizi kabla zile hazijafungwa, mimi nitakaa kwenye kiti gani? Cha kinyozi?"

Bi Kifungu alikwenda jikoni kupima maji ya kesho.

Siku moja kabla ya bodi alikwenda kwa mkurugenzi na kurasa mbili badala ya moja. Sista mkuu alikuwa ameitwa pia, na kitabu chake cha wodi. Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama, akafika katikati, akaketi.

"Nilikuomba mstari mmoja."

"Upo, daktari. Ni ule wa juu kabisa: hatuwezi kujitoa kwa kifungu cha kumi na saba."

"Mkuu unashinda majedwali! Umeandika mwenyewe hapa!"

"Nimeandika pia lile neno 'isipokuwa' linalofuata. Kwa kila jambo nimeweka mkuu unasema nini, jedwali linasema nini, kiambatisho kinasema nini, kisha kipi kinashinda na kwa aya ipi. Usiponiamini mimi, unaweza kufuata kidole."

"Mwanasheria wa ile kampuni mpya anasema tunaweza kutoka."

"Ameoneshwa jedwali la tatu?"

Sista alikohoa kwa namna ambayo kila mtu wodini aliijua.

"Tuliondoe tu kwenye muhtasari," mkurugenzi alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Sisemi tudanganye. Bodi ni watu wazima, mkataba mzima watauona kwenye kabrasha. Wakitaka watasoma."

"Hawatasoma, daktari. Ndiyo maana mimi nipo."

Alisema kwa upole kuliko alivyokusudia. Kukataa kule hakukumpa ushujaa wowote. Alijiona kama mtu anayesukuma mlango ili ufunge vizuri akiwa yeye mwenyewe yuko ndani. "Tukitoa notisi kesho, watasema tumevunja mkataba, na watakuwa sahihi. Watakuja na lori. Nina ndugu yangu kule juu. Kama kuna mtu hapa anatamani kifungu cha kumi na saba kifanye kazi, ni mimi."

Mkurugenzi alivua miwani akasugua macho. Alipoongea tena alikuwa daktari, si mkurugenzi. "Refa ni kaka yako wa damu?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Nilidhani mnaitana tu." Akageuza ukurasa. "Na hii ya mara tatu?"

"Hiyo ndiyo njia pekee. Wamechelewa mara mbili robo hii. Wao wanahesabu kwa kiambatisho, siku tatu za kazi, kwa hiyo kwao hawajachelewa hata mara moja. Lakini jedwali la pili lina nguvu kuliko kiambatisho. Sista ana saa za taarifa na saa za fundi kufika."

"Zote, kwa wino," alisema Sista. "Hata jina la askari wa getini aliyemfungulia."

"Kwa hiyo tunasubiri mashine ife tena," mkurugenzi alisema.

"Na fundi achelewe tena. Kabla robo haijaisha."

Nje muuguzi alipita akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, na lile gurudumu liliendelea kusikika mpaka mwisho wa korido.

Bodi ilisoma kurasa mbili, ikakasirika, ikakubali. Bi Kifungu aliandaa barua ya kuitaarifu kampuni kwamba muda wa kufika ni saa ishirini na nne kwa jedwali la pili, kwamba kiambatisho hakiwezi kulibatilisha, na kwamba ucheleweshaji wa mara mbili umekwisha kuingia kwenye hesabu ya jedwali la tatu. Hakukuwa na namna ya kuinyamazia. Bila barua, kampuni ingekuja kusema hospitali iliridhika na siku tatu. Mkurugenzi aliitia saini bila kuisahihisha hata nukta.

Tangu siku hiyo Bi Kifungu alianza kupanda ghorofani kwa hofu ya aina mbili. Alisikiliza mashine ya kaka yake akiomba isizime. Kisha, akiwa kwenye ngazi akishuka, alijikuta akifikiri kwamba kama itazima, ni heri izime mwezi huu. Alisimama katikati ya ngazi wazo hilo lilipomjia mara ya kwanza, akashika ukuta. Watu walimpita. Mmoja alimwuliza kama presha imepanda.

Ilizima siku ya Ijumaa asubuhi, wiki ya mwisho ya robo. Safari hii Refa hakuwa na mzaha. Alikuwa amefunga macho, na Sista alizungusha pampu bila kusema neno. Kisha Sista alikwenda kwenye simu, akatoa taarifa, akaandika saa. Alimtazama Bi Kifungu juu ya miwani yake.

"Ijumaa," alisema. "Kesho si siku ya kazi. Hawaji hawa."

"Pengine."

"Wakija Jumatatu, tumetoka."

"Tumetoka," alirudia Bi Kifungu, na neno lilikuwa tamu mdomoni mwake, akaona haya. Kaka yake alikuwa amelala mita tatu kutoka hapo. Wagonjwa wa zamu tatu walikuwa wanabanwa kwenye mashine zilizobaki, na kaka yake angepata saa chache kesho jioni, kama nafasi ingepatikana.

"Nasikia," alisema Refa bila kufumbua macho. "Msinizike. Mnanihesabia dakika za nyongeza?"

Bi Kifungu alikaa kando ya kiti, akamshika mguu, ambao kidole kiliacha shimo kilipobonyeza. "Kaka, unataka waje au wasije?"

"Leo nataka waje. Kesho kutwa nitataka wawe hawakuja." Alifumbua jicho moja. "Na wewe?"

Bi Kifungu alimfunika mguu kwa shuka.

Jumamosi hakulazimika kufika kazini, lakini alikuja. Alilisukuma tofali mlangoni, akaketi, akafungua faili la wafua mashuka ili macho yapate pa kukaa. Hakusoma kitu. Saa ya ukutani aliigeuzia mgongo. Kabla asubuhi haijapevuka alisikia viatu vizito vikikimbia kwenye korido, na mtu akichungulia. Alikuwa fundi, shati limelowa, begi la vifaa begani, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama. Ngazi za kwenda kwa mashine ni hizi? Lile lango lingine limefungwa."

"Marahaba. Ni hizo." Aliitazama karatasi. Ilikuwa nakala ya barua yake mwenyewe, mistari miwili imepigwa rangi ya njano. "Leo mmefanya kazi Jumamosi?"

"Tumeambiwa hapa ni saa ishirini na nne, mama. Ofisini wamebandika ukutani kabisa. Kuna mtu wenu huku anasoma mpaka viambatisho, wanasema." Akacheka, akihema. "Ametuharibia wikiendi zetu za miaka mitatu ijayo."

Akapanda ngazi mbilimbili.

Baada ya muda mashine ya pembeni ilisikika ikilia, mlio mrefu, kisha mifupi miwili, ule wa kujipima kabla ya kazi. Sauti ya kaka yake ikashuka kwenye ngazi: "Haya, refa ameingia uwanjani!" Mtu akapiga makofi, pengine Sista.

Bi Kifungu alishusha pumzi ambayo hakujua kama ni ya shukrani. Alichukua kalamu, akafungua muhtasari, na pembeni mwa mstari wa mara tatu akaandika: robo hii, mbili. Kisha akasimama apande kumwona kaka yake. Alipofika mlangoni aliinama kulitazama lile tofali, akalisukuma kwa mguu lizidi kukaza, akatoka.